Kosa liko wapi: vitani au dakika tatu kabla yake?

Mchezaji wa StarCraft II, mchezo wa kompyuta wa mikakati ya vita, anayefungua marudio ya mechi aliyopoteza huenda moja kwa moja kwenye pambano lililomwangamizia jeshi. Wako wanaosema hapo ndipo pa kuchunguza, kwa sababu ndipo mechi ilipogeuka. Wengine hushikilia kwamba pambano ni matokeo tu, na kwamba chanzo chake kimo katika uchumi wa dakika zilizotangulia. Kila upande una hoja, lakini wote husahau jambo moja, yaani marudio humwonyesha mtazamaji ramani nzima, hali mchezaji aliona sehemu yake ndogo tu.

Tuchukue mfano niliouunda wa mechi kati ya jamii mbili za mchezo huu, Terran wa kibinadamu dhidi ya Zerg. Kwenye 7:10 Terran anavuka uwanja akiwa na marini wengi na vifaru vitatu vilivyo katika hali ya kutembea; Zerg anamvamia kutoka pande mbili, na viumbe vinavyojilipua, Baneling, vinawamaliza marini kabla vifaru havijajikita ardhini. Kujikita huchukua takriban sekunde tatu, na sekunde tatu hizo hazikupatikana. Anayetetea uchunguzi wa pambano atasema, na si bila sababu, kwamba vifaru vilivyojikita mapema vingelilinda jeshi lilelile bila kuongezewa askari hata mmoja.

Sasa turudishe marudio hadi 4:10. Idadi ya nafasi, yaani kikomo cha askari na wafanyakazi unaoweza kuwa nao, inasomeka 46/46, na inakaa hivyo kwa sekunde 36 kwa sababu ghala la nafasi, Supply Depot, lilichelewa kujengwa. Mfanyakazi mmoja hutengenezwa kwa sekunde 12, kwa hiyo kambi mbili zimekosa wafanyakazi sita. Kila mmoja wao huleta kama madini 55 kwa dakika, na kuanzia 4:46 hadi pambano lilipoanza pengo hilo linafika karibu 790. Hapa watetezi wa uchumi hupenda kutia chumvi: hawapunguzi madini 300 ambayo wafanyakazi hao wangegharimu na ambayo mchezaji alibaki nayo mkononi. Hasara halisi ni karibu 490, sawa na marini tisa au kumi, mbali na muda ambao majengo ya kutengeneza askari yalikaa bure.

Je, marini kumi wangebadilisha pambano? Kwa maoni yangu, huenda wasingelibadilisha, kwa sababu askari waliosongamana hufa pamoja kwa milipuko ileile, wawe thelathini au arubaini. Katika mechi hii moja, basi, kosa lililoamua ni la vifaru. Hata hivyo, mvamio wa namna ile hautokei kila siku, ilhali kukwama kwa nafasi huelekea kujirudia. Mchezaji afungue marudio mengine matano na kuandika sekunde alizokwama katika kila moja kabla ya dakika ya saba. Zikijirudia katika manne, huko ndiko mazoezi yaanzie, hata kama siko mechi ile ilikopotelea.

Suala la ukungu wa vita, unaomficha mchezaji yale ambayo askari wake hawayaoni, ndilo gumu zaidi. Kwa ramani iliyo wazi, mtazamaji anaona jeshi la Zerg likijigawa kwenye 6:50 na kulaumu: kwa nini hakupiga skani? Skani, inayofunua sehemu ya ramani kwa muda mfupi, hula nishati 50 ya Orbital Command, jengo kuu la Terran lililoboreshwa, nishati ileile inayoweza kuita roboti mchimbaji, MULE, ambaye huleta madini yapatayo 225. Ukibadili mtazamo hadi macho ya Terran peke yake na kukuta kwamba hakukuwa na dalili yoyote, kutopiga skani hakukuwa kosa bali chaguo la kawaida lililokosa bahati. Kuhusu vifaru hukumu ni tofauti: katika mtazamo huohuo finyu, nukta nyekundu zinajitokeza pembeni mwa ramani ndogo sekunde nne kabla ya shambulio. Habari ilikuwepo na muda ulitosha. Macho ndiyo yaliyokuwa kwingine.

Tangu toleo la nyongeza la Heart of the Swarm la mwaka 2013, mchezo huu unaruhusu kuendelea kucheza kuanzia katikati ya marudio, hivyo ubishi unaweza kujaribiwa: wawili wanaanza kwenye 7:00, na Terran anajikita mapema. Jaribio hilo huthibitisha kiasi tu. Anayecheza Zerg anajua tayari kwamba vifaru vitajikita, naye atazunguka au kungoja, jambo ambalo mpinzani wa mechi ya kwanza asingekuwa na sababu ya kulifanya.