Sabuni ya mwani na picha za ndani ya karakana: ipi inajenga imani, ipi inabomoa

"Tuna karakana ndogo ya sabuni ya mwani huku Paje, tuko wanawake watano. Tunataka kuposti picha za kuswaipu kuonesha watu na kazi yenyewe, ila wenzetu wawili wanaona tutatisha wateja na fomula itaibiwa. Nani yuko sawa?"

Wote wana hoja dada yangu, na hao wawili msiwapuuze maana wameona kitu cha kweli. Mie niliwahi kusaidia karakana kama yenu, kusini huku huku, na posti yao ya kwanza ilituletea maneno wiki nzima.

Walipanga picha saba. Ya kwanza kinamama wanavuna mwani maji yakiwa yametoka, nzuri sana. Ya pili mkono una glavu unamimina chembe nyeupe kwenye ndoo, hakuna maneno juu yake. Halafu kukoroga, kumimina kwenye boksi la mbao, kukata, kupanga kwenye chanja, kufunga. Tatizo lilikuwa hiyo ya pili. Instagramu ina tabia, mtu akiipita posti yako bila kuswaipu mara nyingine inamrudia tena lakini sasa inaanzia picha ya pili, kwa hiyo kuna watu hawakuona mwani wala kinamama, walichokiona ni kostiki soda peke yake. Mmoja akauliza si ndo ile ya kuzibulia mabomba, mwengine akapiga skrinshoti akaipeleka kwenye grupu la Wasap la mtaani, na huko ikafika haina picha ya kabla wala ya baada.

Sasa hapa wenzenu wanasema bora kostiki isionekane kabisa. Mie sikubaliani, na sababu ni kwamba sabuni ya kipande haiwi sabuni bila kostiki, hata ile ya dukani. Mteja akija kugundua mwenyewe baada ya kusoma kwenu "asili tupu" atajiona kadanganywa, na hapo humrudishi. Ila kuionesha si kuipiga picha tu, inatakiwa ikae na jawabu lake hapo hapo kwenye picha moja. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji kama gramu 183 za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Wale wenzetu walikuwa wanatia 150, makusudi, ili kostiki yote iishe kazi yake na mafuta yabakie kidogo ya kulainisha ngozi, maana nazi ikigeuka yote inakausha. Tulipoposti upya tukaweka mizani inasomeka, na juu ya picha tukaandika kwa herufi kubwa: kostiki inaliwa na mafuta, tunatia pungufu, sabuni ikiwa tayari haimo tena. Na tukaisogeza ikawa ya nne. Maswali yalikuja bado, lakini yalikuwa maswali ya mtu anayetaka kujua.

Lipo jengine kuhusu picha hiyo hiyo, nalo linanitia wasiwasi zaidi kuliko wateja kuogopa. Picha ya kazi inaonesha na makosa yenu. Sufuria ya alumini ikionekana pembeni, mtu yeyote aliyewahi kupika sabuni atajua hamko makini, kwa sababu kostiki inaila alumini na inatoa gesi inayoshika moto, vyombo vyake ni stenlesi au plastiki nzito. Mkimpiga picha mtu anamimina maji juu ya kostiki badala ya kuitia kostiki ndani ya maji, hilo ni kosa la hatari, mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla ukamrukia usoni, na kuna msichana mahali ataiona picha ataiga nyumbani kwao. Kwa hiyo kabla hamjaposti aiangalie mmoja anayeijua kazi, aangalie vyombo, miwani na glavu, si uzuri wa mwanga.

Kuhusu fomula, hapa nadhani wenzenu wanaogopa kupita kiasi. Hesabu ya kostiki na nazi si siri, kila mpika sabuni anaijua. Kilicho chenu ni mchanganyiko wa harufu, karafuu kiasi gani na mchaichai kiasi gani, na mwani mnausaga laini vipi, basi hivyo msivipige picha na yatosha.

Picha ambayo watu wengi wanaiacha, na mie naiona ndo yenye nguvu kuliko zote, ni ya kungoja. Sabuni ukishaikata inakaa kwenye chanja wiki nne mpaka sita maji yatoke, na masika inachukua zaidi kwa sababu hewa yetu nzito. Mteja dukani hana namna ya kujua kama kipande kilikaa siku 35 au siku 6, anakuja kujua bafuni kinapomyeyukia mkononi. Wale wenzetu walichukua kipande kimoja wakakikwangua alama, wakakipiga picha juu ya mizani siku ya kwanza, gramu 112, na siku ya 35 kipande kile kile, gramu 99, tarehe imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi pembeni. Picha mbili tu hizo, hakuna sura ya mtu, na ndo zilizoulizwa zaidi. Lakini hapa napo kuna mtego, ukishaonesha siku 35 umejifunga. Ikija oda kubwa ya hoteli na wewe una vipande vya wiki mbili, ukavitoa, aliyeona posti atakulaumu kuliko yule asiyeona chochote. Kama hamna uhakika wa kungoja kila mara, msiiposti hiyo mpaka muwe nao. Na tarehe ya kukatwa iwe kwenye karatasi ya kila kipande, mteja alinganishe mwenyewe.

Lililobaki ni watu, na hapa sitaki mfanye haraka. Ni kweli sura inavuta, mtu anaamini mkono anaoujua. Lakini mwenzenu akikubali leo anakubali kwa macho ya leo, kesho picha iko kwenye simu ya shemeji yake, au kaacha kazi kwenu na sura yake bado inawauzia sabuni. Muulizeni kila mmoja peke yake, si mbele ya wenzake ambako kukataa ni tabu, na mumuoneshe picha yenyewe kabla haijatoka. Asiyetaka, mikono yake inatosha, mikono iliyozoea mwani inajieleza. Na kila sura ikae kwenye picha yake peke yake, kwa sababu Instagramu inakuruhusu kufuta picha moja ndani ya posti bila kuipoteza posti nzima, kwa hiyo siku mtu akibadilisha mawazo mnamtoa siku hiyo hiyo. Mkiwapiga wote watano pamoja mmeshajifunga.

Na mteja akiuliza kama imepimwa, msimjibu kwa posti. Picha inaonesha mnavyofanya kazi, haioneshi kipimo, hilo ni jambo la ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, na lina njia yake. Kama alama mnayo iwekeni picha ya mwisho, kama bado mwambieni bado.