Nusu ya njia ndiyo inayosema: mkunjo wa titresheni ya asidi dhaifu

Katika maabara nyingi za kidato cha tano na sita hapa Uganda, titresheni hukoma pale rangi ya waridi inapotokea. Mwanafunzi anasoma bureti, anakokotoa mola, anaandika jibu na kuosha vyombo. Kwa asidi kali kama haidrokloriki sina neno, kwa sababu hapo hakuna mengi zaidi ya kutafuta. Lakini kwa asidi dhaifu kama ya ethanoiki, kuishia kwenye rangi ni kuacha sehemu iliyo tajiri kuliko zote, nayo ni ile ya katikati ya mkunjo. Maoni yangu ni kwamba shule isiyo na mita za pH za kutosha ndiyo hasa inayopaswa kufundishia hapo, kwa kuwa inahitaji kusoma mita mara moja tu.

Tuutazame mkunjo wenyewe kwanza. Chukua sentimita za ujazo 25.0 za asidi ya ethanoiki ya mola 0.10, uitiririshie haidroksaidi ya sodiamu ya mola 0.10 kutoka kwenye bureti. Kabla ya tone la kwanza, pH ni kama 2.88. Asidi kali ya mola hiyohiyo ingeanzia 1. Ukishamimina 2.5, pH imefika 3.81, yaani imepanda karibu nambari nzima kwa sehemu ya kumi tu ya safari. Kisha mwendo unapoa: kutoka 2.5 hadi 22.5, ambazo ni asilimia 80 ya besi yote inayohitajika, pH inatoka 3.81 hadi 5.71 tu. Ikifika 24.9 ni 7.16, kwenye 25.0 ni 8.73, na kwenye 25.1 imesharuka hadi 10.30.

Ule mpando wa mwanzo ndio wanafunzi wengi wanaousahau wanapochora. Wanaanza na mstari uliolala, kama wa asidi kali, halafu wanaupandisha mwishoni. Mkunjo wa asidi dhaifu hauanzi hivyo. Mwanzoni karibu asidi yote bado haijavunjika na ioni za ethanoeti ni chache mno, kwa hiyo besi kidogo tu inazizidisha mara kadhaa na pH inapanda haraka. Ioni hizo zikishakuwa nyingi, tone jingine halibadilishi sana uwiano wake na asidi iliyobaki, na hapo mkunjo unalala. Mwishoni asidi inakaribia kwisha, uwiano unayumba tena, na ndipo unapopata ule mruko. Mwalimu anayesahihisha grafu aanze kuangalia sentimita tatu za kwanza. Kama hazipandi, aliyechora alikariri umbo bila kuelewa sababu yake.

Sababu yote imo katika mlinganyo huu, ambamo pKa ni kipimo cha nguvu ya asidi, A⁻ ni ioni ya chumvi yake na HA ni asidi iliyobaki:

pH = pKa + log([A⁻]/[HA])

Ukiwa umemimina nusu ya besi inayohitajika, hapa 12.5, nusu ya asidi imegeuka chumvi na nusu imebaki. Uwiano ni moja, log ya moja ni sifuri, na pH inakuwa sawa na pKa. Kwa asidi ya ethanoiki hiyo ni 4.76 kwenye nyuzi 25. Hapo pia ndipo mkunjo unapolala kuliko mahali pengine popote kati ya mwanzo na nukta ya usawa.

Sasa tuje kwenye jaribio ninalolipigia debe. Linaweza kufanyika kwa siki ya dukani, na uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua mola ya siki wala ya besi. Pima sentimita 10 za siki nyeupe, uongeze maji yaliyotoneshwa mpaka zifike 100. Siki yenye asilimia 5 ya asidi ina mola kama 0.83, kwa hiyo uliyonayo sasa ni kama 0.083. Kwa pipeti, weka 25.0 kwenye chupa ya koni, tia matone mawili ya fenofthalini, kisha titireti kwa haidroksaidi ya sodiamu ya takriban mola 0.1 mpaka waridi hafifu idumu nusu dakika. Utatumia kama 20.8. Kisha, bila kumwaga chochote, chukua pipeti ileile na uongeze 25.0 nyingine za siki hiyohiyo kwenye chupa hiyohiyo. Waridi inatoweka papo hapo. Zungusha chupa vizuri, tia elektrodi, usome.

Kilichotokea ni hiki: ulikuwa umegeuza sehemu moja yote ya asidi kuwa chumvi, kisha ukaongeza sehemu nyingine iliyo sawa nayo ambayo haijaguswa. Uko katikati kabisa ya mkunjo, na hukuhitaji kuuchora. Darasa la wanafunzi 40 linaweza kufanya titresheni kwa makundi, kila kundi likaleta chupa yake kwenye mita moja iliyo mezani kwa mwalimu, na kipindi kikatosha.

Mita ikionyesha 4.68 badala ya 4.76, msiitupe namba hiyo wala msiisukume ifanane na kitabu. Mita ya pH haisomi mkusanyiko wa ioni moja kwa moja, inasoma utendaji wake, na katika mchanganyiko wenye chumvi ya kama mola 0.03 ioni za ethanoeti hazitendi kwa ukamilifu. Tofauti inayotarajiwa ni karibu 0.08 kuelekea chini. Kwa hiyo jibu la kati ya 4.6 na 4.75 ni jibu zuri, na anayeandika 4.76 kamili kila mara ananitia shaka kuliko anayeandika 4.67. Hali ya hewa haina lawama sana hapa: pKa ya asidi hii karibu haibadiliki kati ya nyuzi 15 na 30, iwe asubuhi ya baridi Kabale au mchana wa joto Gulu. Mita yenyewe ndiyo inayoathirika na joto. Isawazishwe kwa bafa ya pH 4 na ya pH 7 palepale inapotumika, na bafa hizo ziwe na joto moja na chupa za wanafunzi.

Sehemu hii ya mkunjo pia inasamehe makosa. Tuseme kwenye jaribio la 25.0 kwa 25.0 mwanafunzi alipitiliza rangi kwa sentimita nzima, akamimina 26.0. Mola ya asidi aliyopata imeharibika kwa asilimia 4. Lakini akiongeza 25.0 za asidi, uwiano wa chumvi kwa asidi unakuwa 26 kwa 24, na log yake ni 0.03 tu. Mita nyingi za shule haziwezi hata kutofautisha kiasi hicho kwa uhakika. Vivyo hivyo kwa besi ya zamani iliyonyonya kaboni dioksaidi hewani: itapotosha hesabu ya mola kabla haijaigusa pKa kwa kiasi cha kuonekana.

Makosa yasiyosameheka ni mengine. La kwanza ni kutumia metili oranji. Kiashiria hicho hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, na kwa asidi yetu ya kwanza hilo ni karibu kutoka mwanzo hadi sentimita ya 7 au 8. Rangi inabadilika polepole bila mruko wowote, na mwanafunzi atakayeikubali atakuwa hajafika hata nusu. La pili linatokea kwenye grafu iliyochorwa yote: mwanafunzi anagawa pH badala ya ujazo. Anachukua 8.73, anagawa kwa mbili, anapata 4.37 na kuandika kuwa ndiyo pKa. Namba hiyo inaonekana ya kawaida, na ndiyo maana inapita bila kushtukiwa. Kinachogawanywa ni ujazo, na tena ujazo uliomiminwa kweli. Bureti ikianza kwenye 3.0 na kuishia 28.0, nusu iko kwenye alama ya 15.5, si 14.0.

Shule isiyo na mita hata moja bado ina njia. Bromokresoli ya kijani ni ya manjano chini ya pH 3.8 na ya bluu juu ya 5.4, kwa hiyo mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethanoiki huonekana kijani. Ufanyike bila fenofthalini kuingilia: soma ujazo kwanza kwenye chupa moja, kisha tengeneza nyingine kwa ujazo huohuo bila kiashiria, ongeza siki, ndipo utie bromokresoli. Karatasi ya pH ya kawaida inayopanda nambari nzima kwa nzima haifai kazi hii.

Chupa ikishasomwa, isimwagwe. Ongeza sentimita 1 ya besi ileile na usome tena: pH itapanda kwa kama 0.04. Ongeza sentimita 1 kama hiyo kwenye maji matupu ya ujazo uleule, na pH itafika karibu 11. Hapo mwanafunzi anaiona bafa ikifanya kazi, na anaona kuwa mada ya bafa na mada ya titresheni ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili kwenye silabasi. Ningependa maswali ya UACE yamdai mtahiniwa aeleze kwa nini mkunjo unalala pale, badala ya kumtaka achore umbo tu.

Tahadhari moja kwa mwalimu atakayetaka kubadilisha siki kwa limau kwa sababu limau ni rahisi kupata. Asidi ya sitriki inatoa protoni tatu, na pKa zake, kama 3.1, 4.8 na 6.4, ziko karibu mno. Ngazi zake zinaingiliana, mkunjo unapanda kama mlima mmoja mrefu, na ukichanganya nusu kwa nusu utapata pH ambayo inaangukia karibu na pKa ya pili. Mwanafunzi ataona kama 4.7 na kuamini kuwa amepima asidi ya ethanoiki. Jaribio hili ni la asidi yenye protoni moja ya kutoa: ethanoiki, methanoiki, benzoiki. Benzoiki nayo haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi, kwa hiyo itayarishwe iwe nyepesi, mola 0.02 hivi, kwa maji ya moto, na iachwe ipoe kabla ya kupimwa kwa pipeti.