Fundi wa Viyoyozi, Usihame Mbali

Mafundi wengi wa viyoyozi hapa Mombasa wakitaka mshahara mnono huacha ufundi wote na kwenda kuanza upya kwenye kompyuta. Kwangu hiyo ni hasara. Kutoka kiyoyozi cha nyumba ya Bamburi hadi kontena la baridi pale bandari ya Kilindini, nusu ya kazi tayari unaijua. Parachichi za kwenda Ulaya husafiri kwenye baridi ya nyuzi 5 hivi, na mashine ikizembea mzigo mzima huivia njiani. Mwenye mzigo hamlipi mtu wa kujaza gesi, humlipa anayejua kwa nini imepungua.

Njia ninayoiona ni ya miaka mitano. Mwaka wa kwanza ni wa umeme wa fezi tatu. Nyumbani umezoea volti 240, lakini kontena hula zaidi ya 400. Fezi moja ikikatika, mota hunguruma, hupata moto na kuungua, na kubadilisha kompresa hakutibu chochote.

Miaka miwili inayofuata ningeitia yote kwenye jambo ambalo mafundi wa mtaani huliruka: kulinganisha presha na joto. Chukua mashine ya gesi ya R134a. Geji ya upande wa chini ikisoma ba 1.9, gesi inachemka kwenye nyuzi 0. Pima bomba linalotoka kwenye koili ya ndani. Likiwa nyuzi 6, tofauti ni 6, mashine ni nzima. Sasa geji isome ba 1, yaani nyuzi 10 chini ya sifuri, na bomba liwe nyuzi 8. Tofauti ni 18: koili ina njaa ya gesi.

Hapo ndipo wengi hufungua mtungi. Subiri! Shika filta ya bomba la gesi kwanza. Ikiwa upande wa kutokea ni wa baridi kuliko wa kuingilia, pengine unatoa jasho, filta imeziba na gesi imerundikana nyuma yake. Ukiongeza, presha ya juu itapanda na kompresa itaumia. Filta ikiwa na joto sawa pande zote, na kioo cha kuchungulia bomba kikaonyesha mapovu, basi tafuta panapovuja. Vipimo hivi vichukue mashine ikipoza kwa nguvu zote. Ikikaribia joto lililowekwa hujibana yenyewe, nawe utasoma ugonjwa usiokuwepo.

Mwaka wa nne jifunze kidhibiti: nambari za hitilafu, kuyeyusha barafu, na kumbukumbu za joto la safari. Wakati huo fanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, maana mkono bila cheti hauvuki geti la kampuni kubwa.

Wa tano uwe wa vidhibiti vya kasi ya mota. Hivyo utavikuta pia kwenye viwanda vya barafu na maghala ya samaki, kwa hiyo hutafungwa na bandari peke yake.