Sikio likizibwa tundu, huziba kwanza

Kabla hujafanyiwa upasuaji wa kuziba tundu kwenye ngoma ya sikio, unapaswa kuambiwa kwamba ukizinduka utasikia vibaya kuliko ulivyoingia, na hali hiyo itadumu wiki kadhaa. Mimi sikuambiwa. Siku ya nne nililia, nikiamini sikio langu la kushoto limekufa.

Kumbe ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Mimi nilichanjwa nyuma ya sikio, daktari akachukua kipande cha utando mweupe unaofunika msuli wa juu yake, akakipachika kwa ndani kuziba tundu. Kiraka hicho hakishonwi. Hushikiliwa na vipande vya sponji inayoyeyuka taratibu, ndani na nje ya ngoma, mpaka ngozi itambae juu yake. Sponji ikiwa bado imejaa, sauti haina pa kupita. Nilikuwa kama nimefunikwa mto kichwani, na nikitafuna nasikia taya zangu tu.

Kabla ya hapo, upasuaji uliahirishwa mara moja kwa sababu sikio lilikuwa linatoa usaha. Nilikasirika, lakini daktari alikuwa na haki: madaktari wengi hupenda kiraka kikae kwenye sikio kavu. Nilipewa dawa ya matone, na kila nilipooga niliziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito. Na kama tundu lako limetokana na kofi au kijiti cha pamba, usikimbilie kisu, maana mengi ya aina hiyo hujifunga yenyewe ndani ya miezi mitatu.

Baada ya upasuaji, adui mkubwa ni upepo wa pua. Ukipenga kamasi kwa nguvu, hewa hupanda kwenye mrija unaounganisha pua na sikio na inaweza kukibandua kiraka. Chafya niliitoa mdomo wazi, ndege sikupanda mpaka niliporuhusiwa. Upande wa kushoto wa ulimi ulikuwa na ladha ya chuma kwa muda, kwa kuwa neva ya ladha hupita nyuma tu ya ngoma. Hilo halikunitisha. Lakini uso ukilegea upande mmoja, kizunguzungu kikali kikikuangusha, homa ikipanda au usaha wenye harufu ukitoka, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mwezi wa tatu nilipimwa usikivu: kutoka desibeli 40 nilikuwa nimeshuka hadi 20, na kwenye kipimo hiki kushuka ndiyo nafuu. Mgonjwa mwenzangu kiraka chake kilishika vizuri kabisa, ila usikivu haukurudi, kwa sababu usaha wa miaka mingi ulikuwa umekula kifupa kimoja kati ya vile vitatu vinavyopokezana sauti nyuma ya ngoma. Muulize daktari wako mapema anavidhaniaje vifupa vyako, na kama atavikagua akiwa humo ndani.