Ovadrafti Isiyofika Sifuri Si ya Msimu

Kuna mtoa mada amenikera kwenye semina moja ya wenye biashara. Alichora ubaoni mawimbi ya mtaji wa kuendeshea biashara ya msimu, akayagawa kwa mistari, kisha akauliza: "Kwa nini ulipe riba ya asilimia 14 kwa mkopo wa muda mrefu wakati benki inakupa ovadrafti kwa 10? Anayekopa muda mrefu kwa ajili ya stoku analipia usingizi." Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Mbele yangu alikaa mzee mwenye kiwanda cha kuchapa kalenda na shajara. Akaiandika sentensi ile na kuipigia mstari mara mbili. Mimi nikachemka.

Sikuchemka kwa sababu jamaa alikosea hesabu. Hesabu yake ni sahihi, na hilo ndilo linaloudhi. Alichofanya ni kusoma nusu ya juu ya ukurasa na kufunga kitabu.

Tuchukue kiwanda cha kalenda, kwa namba ninazozitunga ili tusihangaike na kikokotoo. Mashine na jengo ni milioni 60. Mali za mzunguko, yaani karatasi, wino, kazi iliyo mashineni, bidhaa ghalani, fedha na wadaiwa, ukishatoa deni la muuza karatasi, zinapanda na kushuka. Kuanzia Machi hadi Julai zinakaa milioni 40. Agosti karatasi za msimu zinaanza kuingia, zinakuwa 50. Septemba 60, Oktoba 80, Novemba 90, Desemba 100. Januari wenye maduka ya jumla wanaanza kulipa, zinashuka hadi 80. Februari 60, na Machi tunarudi kwenye 40. Kwa hiyo juu ya ile 40 kuna mlima wa msimu wenye kilele cha milioni 60, na wastani wake kwa mwaka mzima ni milioni 20.

Sasa niulize: ile 40 ya Machi hadi Julai ni ya muda gani? Vitabu vya hesabu vinaiweka kwenye kundi la mali za muda mfupi. Karatasi iliyo ghalani leo haitakuwepo baada ya miezi miwili, na mdaiwa wa leo atalipa mwezi ujao. Hapo ndipo watu wenye akili zao wanapodanganyika. Rimu hii inatoka, nyingine inaingia mahali pake. Mdaiwa huyu analipa, mwingine anachukua risiti na vitabu vya ankara kwa mkopo. Kila kipande kinapita, lakini kiasi hakipungui. Maadamu kiwanda kinafanya kazi, milioni 40 zimezama humo ndani kwa namna ileile zilivyozama kwenye mashine. Tofauti ni kwamba mashine huwezi kuisahau, ipo pale inapiga kelele.

Ukikubali hilo, njia zote tatu za kugharamia biashara ya msimu zinajieleza. Ulinganifu unasema: milioni 100, yaani 60 za mashine na 40 zilizozama, zitoke kwenye fedha za muda mrefu, na mlima wa msimu ubebwe na ovadrafti. Ujasiri unasema: hata sehemu ya zile 40 ibebwe na ovadrafti. Tahadhari inasema: fedha za muda mrefu zibebe mpaka sehemu ya mlima, au mlima wote.

Mpe mzee wetu ulinganifu. Milioni 100 kwa asilimia 14 ni milioni 14 kwa mwaka. (Mtaji wake mwenyewe na mkopo wa miaka mitano nimevipa bei moja, wahasibu mtanisamehe.) Ovadrafti ya wastani wa 20 kwa asilimia 10 ni milioni 2. Jumla 16. Sasa mpe ujasiri wa ubaoni: muda mrefu abaki na 70 tu, ovadrafti ibebe 30 mwaka mzima na mlima juu yake. Analipa milioni 9.8, kisha wastani wa 50 kwa asilimia 10, yaani milioni 5. Jumla 14.8. Ameokoa milioni 1.2. Pigeni makofi.

Haya, tufike Juni. Chini ya ulinganifu, ovadrafti Juni ni sifuri. Mikataba mingi ya ovadrafti ya msimu ina sharti kwamba salio lifutike kabisa kwa muda fulani kila mwaka, mara nyingi siku 30 mfululizo. Benki haitaki ukorofi, inataka kuona kama fedha yake kweli ilikwenda kwenye msimu. Chini ya ujasiri, Juni salio ni milioni 30, na haliwezi kufutika kwa sababu hakuna mauzo yanayokuja. Msimu ulishapita. Mzee anategemea jambo moja tu: benki ikubali kuhuisha. Mwaka huu ikubali, mwakani ikubali, na mwaka wa baadaye pia, kwa bei nzuri, bila kubadilisha meneja wala sera ya mikopo. Na ovadrafti kwa asili yake ni deni ambalo benki inaweza kulidai wakati wowote. Soma mkataba wako, sentensi hiyo imo.

Benki ikisema hapana? Zile 40 za Juni tuzifungue tuone. Tuseme fedha ni 8, wadaiwa 14, karatasi na wino 18. Anatoa fedha zote 8. Zimebaki 22 za kutafuta. Anawabembeleza wadaiwa walipe mapema kwa punguzo, anauza karatasi kwa mchapaji mwenzake ambaye anajua fika kwa nini zinauzwa. Tuseme kwa wastani anapoteza asilimia 20. Ili apate 22 lazima atoe vitu vya milioni 27.5. Hasara milioni 5.5. Ile nafuu ya milioni 1.2 ilibidi aikusanye kwa zaidi ya miaka minne ili ilipe Juni hii moja. Na hatujafika Agosti! Agosti karatasi za msimu zinatakiwa, yeye hana hata senti, amebaki na vitu vya milioni 4.5, na muuza karatasi ameshasikia habari zake.

Wala si lazima benki ikatae. Inatosha ipandishe riba. Ile milioni 1.2 yote imetoka kwenye tofauti ya asilimia 14 na 10 juu ya zile milioni 30. Ovadrafti ikifika 14, nafuu imekufa. Ikifika 16, mwenye ujasiri analipa jumla ya milioni 17.8, na mwenye ulinganifu 17.2. Ujasiri umekuwa ghali kuliko ulinganifu wa jirani. Na siku mtaji wa muda mfupi unapokauka, haukauki kwa mwenye kiwanda kidogo tu. Benki ya Northern Rock ya Uingereza iligharamia mikopo ya nyumba ya miaka mingi kwa fedha za muda mfupi za sokoni. Masoko yalipoganda mwaka 2007, wateja wakapanga foleni milangoni Septemba ile, na Februari 2008 serikali ikaitaifisha.

Lakini nisiwape walinganifu ushindi wa bure. Mchoro wao unadhani mlima unajiyeyusha wenyewe: bidhaa zinauzwa, wadaiwa wanalipa, ovadrafti inazimika. Kwenye kalenda na shajara hilo ni la kutiliwa shaka. Shajara isiyouzwa hadi katikati ya Januari ni karatasi ya kukunjia. Mwenye duka la jumla aliyeahidi kulipa Januari anajibu simu Aprili. Tuseme Machi milioni 12 za wadaiwa bado ziko nje. Mchoro unasema ovadrafti ni sifuri, taarifa ya benki inasema 12. Mzee hakuchagua ujasiri. Ujasiri umemfuata nyumbani.

Namna ya kuugundua ni rahisi na haihitaji mshauri. Chukua taarifa za benki za miaka miwili au mitatu, uache wastani na kilele, utafute siku ambayo ovadrafti ilikuwa ndogo kuliko zote katika kila mwaka. Kama mwaka wa kwanza ilikuwa sifuri, wa pili 7, wa tatu 15, basi milioni 15 si za msimu tena, hata kama mkataba umeandikwa msimu. Ama zimeliwa na shajara zilizokwama na wadaiwa wasiolipa, na dawa yake ni kuzifuta na kufukuzia madeni. Ama biashara imekua, na ile 40 ya chini imekuwa 55 bila mtu kuitangaza. Hii ya pili ndiyo ya kupeleka benki, kuomba 15 zihamishwe kwenye mkopo wa miaka, na kuiomba wakati mambo ni mazuri. Ukienda Juni umeshikwa koo, utapewa bei ya mtu aliyeshikwa koo. Usiangalie mizania peke yake pia. Anayefunga hesabu mwezi mtulivu hana picha ya Desemba.

Tahadhari kamili, ya kubeba mlima wote kwa fedha za muda mrefu, siitetei. Milioni 160 kwa asilimia 14 ni milioni 22.4. Ziada inayolala, wastani wa milioni 40, ukiiweka amana kwa asilimia 5 inarudisha 2. Unabaki na gharama ya 20.4. Huo kweli ni usingizi wa bei mbaya, hapo jamaa wa ubaoni alikuwa sahihi, nimesema.

Ningekuwa na mzee yule ningempa kitu cha katikati: muda mrefu 110 badala ya 100, na ovadrafti ijadiliwe kwa kikomo cha 60 ingawa kilele chake sasa kitakuwa 50. Ukishatoa riba ya amana kwa ziada ya miezi mitulivu, gharama inafika kama milioni 16.6, laki 6 zaidi ya ulinganifu mtupu, ukiacha ada ambayo benki inaweza kutoza kwa kikomo kisichotumika. Wale wadaiwa wa milioni 12 wakichelewa hadi Machi, ovadrafti inabaki 2, na miezi ya sharti bado iko mbele yake.

Na ndiyo, wapo wanaoweza ujasiri. Anayeuza kwa fedha taslimu, mwenye stoku ambayo mtu yeyote ataichukua kesho kwa bei ya jana, na mwenye akiba au mali isiyo na rehani ya kukimbilia benki ikifunga mlango. Mchapa kalenda anayeuza kwa mkopo bidhaa yenye tarehe juu ya jalada hana hata kimoja katika hivyo.