Faida ninayo, hela sina

Jamani mi ni tajiri, sema utajiri wangu haulali kwangu. Unalala kwa Mangi, unalala stoo ya shule, mwingine uko hotelini kule unakula kiyoyozi, mi mwenyewe hapa Tandale nalala na feni bovu.

Wiki hii dalali wangu wa Ubaruku kanipigia saa 11 alfajiri. "Kaka, watu wanavuna Usangu yote huku, mpunga umeshuka, mchele supa uliokobolewa nakufikishia mpaka Dar kwa 1,400 kilo, Fuso inapakia Alhamisi." Mi nimeruka kitandani kama nimeota mamba, maana huu ndo mwezi wa 6 wenyewe, ukikosa sasa hivi utakuja kuununua huohuo mwezi wa 12 kwa bei ya kuuma meno. Nikapiga hesabu, gunia 100 ni milioni 14. Nikaangalia benki, nikaangalia simu, nikaangalia na chini ya godoro kwa mke wangu (usimwambie), jumla milioni 3. Hiyo ni gunia 21. Fuso nzima inapakia mi nachukua kona.

Basi nikaanza kupiga simu kwa wadaiwa. Mangi wa kwanza: "Boss, nipo msibani." Huyu mjomba wake kafa mara ya tatu tangu mwezi wa 4, sijui anafufukaga saa ngapi. Mhasibu wa shule: "Mzee wangu, watoto si wamefunga, ada inaingia tukifungua mwezi wa 7." Yaani shule inafunga mwezi uleule mpunga unavunwa, kama walikaa kikao wakapanga. Hoteli: hundi ipo tayari kabisa, imebaki saini tu, na mwenye saini kasafiri.

Nikakaa kwenye gunia nikalalamika kwa sauti, wezi, wachawi, biashara imelogwa. Mtoto wa dada yangu kamaliza kusomea uhasibu, hana kazi bado, ananisaidia dukani. Akasema mjomba ngoja, akachana boksi la tambi akachukua kalamu. "Kwa siku unauza gunia ngapi?" Nne. "Mali kauli ngapi?" Mbili, moja shule, moja hawa wa maduka na hoteli. "Wanakulipa baada ya siku ngapi?" Nikamwambia mwezi. Akanitazama tu, akafungua daftari la madeni akaanza kuhesabu tarehe ya kuchukua na tarehe ya kulipa, mmoja mmoja, akatoka na siku 60. Mi naapa nilikuwa najua ni mwezi, kumbe mwezi ndo maneno yao, sitini ndo vitendo.

"Sasa mbili kwa siku mara sitini," akasema, "una gunia 120 zimelala kwa watu muda wote. Mpya ikitoka moja ya zamani inalipwa, kwa hiyo hazipungui. Kila gunia ulilinunua laki na 70. Milioni 20 na laki 4 mjomba, haijaibiwa, ndo mtaji wako wa kuzungusha uko huko." Alafu kaniuliza wenye lori mi nawalipa baada ya siku ngapi. Siku ngapi wapi! Wale hawafungui turubali kabla meseji ya benki haijaingia, kuli anasimama na kulabu mkononi anasubiri simu ya tajiri wake ilie. Kwa hiyo natoa leo, napokea baada ya miezi miwili, katikati hapo nani analipa kodi ya stoo, makuli, kirikuu la kupeleka mzigo? Huyu huyu mwenye feni bovu.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya shule. Mwezi wa 1 walinipigia wanataka kuongeza oda, kutoka gunia 1 kwa siku ziwe 2 kuanzia muhula mpya wa mwezi wa 7. Siku ile nilipika pilau nyumbani, nikaita na majirani, mke wangu akaanza kuulizia bei za makochi. Kijana akaandika kwenye boksi lake: gunia moja zaidi kwa siku, siku sitini, gunia 60 zingine, milioni 10 na laki 2 inabidi uitoe wewe kabla hundi yao ya kwanza ya hiyo nyongeza haijafika. Nikamwambia lakini faida si ipo? Akasema ipo mjomba, ila hiyo faida itakuja kukukuta umeshafunga duka. Yaani oda kubwa ndo inaniua haraka! Pilau yote ile, kilo tatu za nyama, nilikuwa nasherehekea msiba wangu.

Mtasema si ukope. Nilikopa! Mwaka jana msimu kama huu nilijifanya mjanja nikaenda kwa hawa wa kausha damu, milioni 7, riba asilimia 10 kwa mwezi. Nikashusha gunia 50 kwa 1,400 hiyohiyo, nikafukiza wadudu, nikapanga juu ya pallet zisiguse sakafu zikavuta unyevu, nikafunga stoo nikasubiri bei ipande. Na ilipanda kweli, mwezi wa 12 nikauza 2,200 kilo, kila mtu sokoni ananiita bosi. Kwenda kulipa, riba laki 7 mara miezi sita, milioni 4 na laki 2, jumla wanataka milioni 11 na laki 2. Mchele wote nimeuza milioni 11. Nimelinda mchele nusu mwaka, nimepigana na panya, halafu nimeongezea laki 2 yangu mfukoni, na kodi ya stoo sijaitaja bado kwa sababu nikiitaja presha inapanda.

Haya, mwaka huu nimechukua zangu 21. Shule nimewaambia nyongeza naleta wakilipa kila wiki mbili, mhasibu kasema atalipeleka kwenye bodi, sijui bodi inakula nini. Wa maduka nimewawekea bei mbili, ya hela mkononi na ya mali kauli, na nimebandika karatasi kubwa mlangoni: LIPA YA NYUMA UCHUKUE MPYA. Mangi wa msibani kaisoma mara mbili, kasema mwandiko mzuri, akaondoka. Na deni la shule mwakani naanza kulidai mwezi wa 4, watoto wakiwa bado wanakula.

Kijana akanionyesha kitu kingine kwenye daftari, au tuseme ambacho hakipo kwenye daftari. Yule mama ntilie wa hapo nje. Kila alfajiri anachukua kilo 8, analipa palepale, sarafu na noti zimelowa maji ya vitunguu, mi huwa hata sizihesabu kwa dharau. "Mjomba, huyu hela yake kesho yake umeshanunulia mchele mwingine. Ya hoteli hata hujui iko mkoa gani."

Nikaona huyu mama nimpe heshima yake. Saa 7 nikaenda kwake, nikamsalimia vizuri, nikamwambia niwekee wali maharage na mchicha, andika tu kama kawaida nitakulipa mwisho wa mwezi. Akafunika sufuria.

"Baba," akasema, "ya nyuma kwanza. Nimesoma mlangoni kwako."