Fomu nne zenye jina moja

Nyumbani niliwahi kusimamishwa mbele ya kikao cha wodi kwa sababu wagonjwa watano walianguka ndani ya mwezi mmoja. Namba ilisomwa, kisha likaulizwa swali moja tu: "Nani alikuwa zamu?" Kwa watatu kati yao nilikuwa mimi. Niliketi bila kupewa nafasi ya kusema neno. Mwezi uliofuata taarifa yetu ilionyesha sifuri, tukapigiwa makofi, na huku kitanda cha pili kutoka mlangoni alilala mzee mwenye plasta kwenye paji la uso. Hakuna aliyeacha kuanguka. Sisi ndio tulioacha kujaza fomu.

Sasa nafanya kazi ughaibuni, katika wodi ya wazee yenye vitanda 28. Wauguzi wa huku si bora kuliko wa kwetu, hilo nalisema kwa moyo mmoja. Kilichonigusa ni jinsi sista wetu mkuu anavyoihoji namba kabla hajamhoji mtu.

Kuna mwezi walianguka wagonjwa sita, na mwezi uliotangulia walikuwa watatu. Kwa haraka ungesema hali imekuwa mbaya maradufu. Sista alianza kwa kuuliza wodi ilikuwa na wagonjwa wangapi. Kila usiku wa manane tunahesabu waliolala wodini, na mwisho wa mwezi hesabu hizo zinajumlishwa. Mwezi wa kwanza jumla ilikuwa 700, wa pili 810, maana wodi ilijaa. Unagawanya walioanguka kwa jumla hiyo, unazidisha kwa 1,000: mwezi wa kwanza unapata 4.3, wa pili 7.4. Bado imepanda, ila si maradufu.

Kisha akaiweka namba hiyo kwenye mchoro wa miezi 12, kila mwezi nukta yake. Kati ya miezi hiyo kulikuwa na mwingine uliofika 7.6, ukashuka wenyewe bila mtu kufanya lolote. Wodi moja ina matukio machache mno, kwa hiyo mgonjwa mmoja tu huirusha namba juu au kuishusha. Mpaka nukta sita mfululizo zikae juu ya mstari wa kati ndipo anapokubali kwamba kuna kilichobadilika. Mwezi mmoja mbaya, kwake, ni sababu ya kwenda kusoma mafaili.

Akayasoma. Fomu nne kati ya sita zilikuwa na jina la muuguzi mmoja. Nyumbani kesi ingekwisha hapo. Yeye alifungua ratiba ya zamu, akakuta muuguzi huyo amefanya usiku 14 kati ya 30, kuliko mwingine yeyote. Na hizo nne zote zilitokea kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu alfajiri, wagonjwa wakielekea chooni.

Alimwita faragha siku mbili kabla ya kikao. Baadaye muuguzi mwenyewe alinisimulia. "Nimeona fomu zako, na nashukuru umeziandika. Kabla sijazungumza na wengine, nieleze alfajiri yako inavyokwenda." Akaeleza: wako wawili, mmoja anagawa dawa, mwingine anapima presha akianzia upande wa mbali, na muda huohuo wazee wanaamka na haja. Hakuna wa kumshika mkono anayesimama.

Kwenye kikao jina lake halikutajwa, saa ndizo zilizotajwa. Wakakubaliana kuwapitisha wagonjwa chooni saa kumi na nusu, ndipo vipimo vianze.

Lakini kwa jambo moja sisi wa nyumbani tunawashinda. Vikao vyetu, pamoja na ukali wake, vilikuwa na kila mtu, hadi mhudumu wa usafi. Huku yeye haitwi. Niliomba aulizwe, na kumbe korido ya choo ilikuwa inapigwa deki saa kumi na moja alfajiri. Deki ikahamishwa hadi baada ya chai ya asubuhi.

Mwezi uliofuata walianguka watatu, mmoja tu akiwa wa alfajiri. Niliona fahari. Sista akakataa kuuita ushindi, akasema ileile nukta moja ambayo haikutosha kumlaumu mtu haitoshi kumsifu pia. Alichofuatilia kwa jicho kali zaidi ni idadi ya fomu za walioponea chupuchupu. Hizo zilikuwa zimeongezeka, na akafurahi, kwa kuwa zikipungua ghafla pamoja na za walioanguka, yeye hudhani watu wameanza kuogopa.

Nilimwandikia haya yote kiongozi wangu wa zamani nyumbani, yule aliyenisimamisha. Hakujibu kwa wiki mbili. Kisha akauliza: hiyo hesabu ya usiku wa manane anaiandika nani, na inaandikwa kwenye rejista gani?